Kwani Nimesema Nini Ambacho Ninyi Hamkusema?

"Bahili huyo kafika! Ficheni sahani, huyu hubeba hata makombo."

Ndivyo rafiki yetu alivyopokelewa mlangoni. Tulikuwa tumekusanyika nyumbani kwa mmoja wetu, watu tunaojuana tangu ujana, na yeye alikuwa wa mwisho kufika. Hakupepesa macho. Alivua viatu, akamtazama mwenye nyumba na kumjibu, "Nimefuata deni langu, mwizi wewe. Ukinilipa sasa hivi naondoka." Watu wakacheka, na mwenye nyumba akacheka kuliko wote.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mfanyakazi mwenzake mmoja wetu. Mtu mchangamfu, mwenye adabu, aliyekuwa amekaa nasi muda wa kutosha hadi amekolea. Alisogeza kiti na kusema, uso umejaa tabasamu, "Karibu Bahili, kaa tu, kiti hiki hakilipiwi."

Ukiupima kama mzaha, ulikuwa mzuri kuliko ule wa mwenye nyumba.

Rafiki yetu akasema, "Ahsante," kisha akaenda kukaa upande mwingine.

Sote tulilisikia lile "ahsante." Mtu mmoja akauliza swali la haraka kuhusu foleni ya barabarani, mazungumzo yakaendelea, lakini mgeni hakutania tena mpaka tulipoagana. Tukiwa tunavaa viatu alinisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, hivi nimesema nini ambacho ninyi hamkusema?"

Aliuliza kwa dhati, na kwa wiki kadhaa sasa swali lake limenikaa kichwani. Jibu la haraka ni kwamba hawajazoeana. Ni kweli, lakini halielezi kitu. Neno ni lile lile, herufi kwa herufi. Kuzoeana kunalifanya nini neno hata lichekeshe likitoka kinywa hiki na liumize likitoka kinywa kile?

## Si sauti, si tabasamu

Nilianza na sauti, kwa sababu ndiyo maelezo tunayopenda kuyatoa: rafiki hutukana huku anacheka, adui hutukana huku amekunja uso. Kwa hiyo anayesikiliza husoma uso, si maneno.

Lakini mgeni wetu alikuwa na kila kitu hicho. Alicheka, sauti yake ilikuwa laini, na hata alisogeza kiti. Mwenye nyumba ndiye aliyepaza sauti kutoka upande wa pili wa sebule bila hata kutabasamu, maana kwake kuigiza hasira ni sehemu ya mzaha. Kama ishara za uso na sauti ndizo zinazoamua, matokeo yangekuwa kinyume.

Mwanaanthropolojia Gregory Bateson aliliona jambo hili kwa nyani. Mwaka 1952 alikwenda kwenye bustani ya wanyama ya Fleishhacker, San Francisco, akawatazama nyani wawili wachanga wakicheza. Walikuwa wanang'atana, wanakabana, wanafanya kila kinachofanywa kwenye ugomvi, na bado ilikuwa wazi, kwake na kwao, kwamba hawagombani. Katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1955 alieleza kwamba lazima wanyama wale walikuwa wanapeana ujumbe wa pili juu ya ule wa kwanza: huku ni kucheza. Kung'ata kwa mchezo kunawakilisha kung'ata kwa kweli, lakini hakuwakilishi kile ambacho kung'ata kwa kweli kungemaanisha.

Hapo nilifurahi, nikadhani nimepata jibu. Rafiki hutoa ujumbe wa pili, mgeni hatoi.

Tatizo ni kwamba mgeni aliutoa. Aliutoa waziwazi, na sote tuliupokea, hata rafiki yetu. Hakuna aliyedhani kwamba mtu yule alikuwa anatafuta ugomvi. Iliuma hata hivyo. Kwa hiyo mtu anaweza kujua kabisa kwamba anataniwa na bado akachukia, na yeyote anayetaka kulieleza jambo hili inabidi aanzie hapo.

## Uongo unaojulikana na wote

Jaribio langu la pili lilitokana na mwanaisimu William Labov, aliyechunguza mashindano ya matusi ya vijana weusi wa Harlem, New York. Vijana wale walikuwa wakitukaniana mama zao, hadharani, mbele ya wenzao waliokuwa wakihukumu nani kashinda. Mwaka 1972 Labov alieleza kanuni iliyolinda mchezo ule usigeuke ngumi: tusi lazima liwe la uongo ambao kila aliyepo anaujua kuwa uongo. Ndiyo maana walitia chumvi kupita kiasi, wakasema mambo ambayo hakuna mama duniani angeyafanya. Tusi likikaribia ukweli, kijana hajibu kwa tusi kubwa zaidi. Anakana. Anasema si kweli, mama yangu hayuko hivyo. Na hapo mchezo umekwisha, kwa sababu huwezi kukana jambo bila kukubali kwamba lilikuwa shutuma.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1983, mwanaisimu Mwingereza Geoffrey Leech aliliweka kama kanuni ya mazungumzo ya kawaida: ukitaka kumwonyesha mtu kwamba mko pamoja, mwambie jambo lisilo la adabu ambalo ni wazi kuwa si kweli. Asikilizaye huona kwamba maneno hayawezi kuwa na maana yake ya juu, basi hutafuta ya chini, na ya chini ni hii: sisi hatuhitaji heshima za kupimiana.

Kwa rafiki yetu kanuni hii inakaa vizuri sana. Huyu tunayemwita bahili ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya gharama za hospitali mmoja wetu alipolazwa, na akakataa jambo hilo litajwe. Sote tunajua. Kila tunapomwita bahili, jambo lile tulilokatazwa kulitaja linatajwa kwa kinyume. Ni shukrani ambayo hawezi kuikataa, kwa kuwa imevaa nguo za tusi.

Sasa msikilize mgeni akilisema.

Hajui habari za hospitali. Hamjui mtu huyu kabisa. Kitu pekee alichowahi kukisikia kumhusu ni kwamba ni bahili. Kinywani mwetu neno lile ni moja kati ya mambo elfu tunayoyajua. Kinywani mwa mgeni ndilo jambo lote. Rafiki yetu aliposikia "Karibu Bahili" kutoka kwa mtu asiyemfahamu, alilosikia ni kwamba sifa hiyo imeshatoka nje ya mlango, imefika kwa watu, na imefika peke yake bila ile nusu ya pili inayoigeuza.

Haya yanaeleza mengi. Yanaeleza pia kwa nini watu wengi huwa wakali zaidi mtu wa nje anapolitumia jina lao la utani kuliko anapowakosea kwa neno jipya alilolitunga mwenyewe. Neno jipya ni kosa lake. Jina la utani lililoazimwa linamfanya mhusika ajiulize nyie rafiki zake mmesema nini asipokuwepo.

## Lakini kipara ni kipara kweli

Nilikuwa karibu kuridhika. Kisha nikakumbuka kwamba katika kundi letu kuna mwenye kipara ambaye huitwa Kioo, na kipara chake si cha uongo. Yupo anayechelewa kila mahali, naye huitwa Marehemu kwa kuwa, wanasema, hata mazishi yake atayachelewa. Anachelewa kweli. Yupo anayeimba vibaya, na tukimwambia anaimba vibaya tunasema kweli tupu.

Kanuni ya uongo haiwagusi watu hawa. Matusi wanayopewa ni ya kweli kabisa na bado wanacheka.

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine, na nadhani ndipo wengi wanaoandika juu ya mizaha hupita haraka. Ilinibidi nijiulize ni kitu gani hasa kinachopaswa kuwa cha uongo. Kipara ni kweli. Ila tusi lina sehemu mbili: jambo linalotajwa, na dharau inayofuatana nalo. Anayemwita mtu kipara hatoi taarifa. Mwenyewe ana kioo nyumbani. Anachofanya ni kuashiria kwamba kwa sababu ya jambo hilo wewe umepungua mbele yangu. Sehemu hii ya pili ndiyo inayouma, na ndiyo ambayo rafiki anaweza kuithibitisha kuwa ya uongo, kwa kuwa ana miaka ya vitendo nyuma yake. Alikuja msibani. Alikubebea mizigo ulipohama. Hawezi kukudharau hata akijaribu, ushahidi unamkana.

Mgeni anaweza kuwa hana dharau hata chembe. Tatizo lake ni kwamba hana ushahidi. Anakuomba uamini kwamba hakudharau, na ombi lenyewe ni zito kuliko urafiki mlionao.

## Matusi yaliyoachwa

Hata hivyo bado kulikuwa na kitu hakijakaa sawa, na nilikigundua nilipojaribu kuorodhesha tunayoyasema kwa rafiki yetu huyu. Orodha ilikuwa fupi ajabu. Bahili. Miguu yake mirefu. Namna anavyoendesha gari akiongea na madereva wasiomsikia. Basi. Miaka yote hii, watu tunaojisifu kwamba hatuna mipaka, tumekuwa tukizunguka mambo matatu yale yale.

Kisha nikajaribu kuorodhesha tusiyoyasema.

Kuna biashara aliyoianzisha ikafa na kumwachia madeni. Kuna ndugu yake waliyeacha kusemezana. Kuna mtihani aliorudia. Hakuna aliyewahi kutukataza lolote kati ya haya, hatukuwahi kukaa kikao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuteleza, hata usiku wa manane ambapo kila mtu anarusha chochote kinachomjia kinywani. Tunamjua mtu huyu kama mtu anavyokijua chumba chake gizani: tunatembea haraka na kwa kelele, na hatugongi kitu, kwa sababu tunajua kila kilipo.

Nadhani hili ndilo jibu nililokuwa nalitafuta. Rafiki anapokutukana, unayasikia pia matusi yote ambayo angeweza kuyatumia na hakuyatumia. Yeye ndiye mwenye silaha kali kuliko mtu mwingine yeyote duniani, akachukua ile butu. Uhuru wake wa kusema ovyo umekaa juu ya uangalifu mkubwa, na unapopokea tusi unausikia uangalifu huo hata kama hujawahi kuutaja.

Kwa mgeni hakuna kitu nyuma ya neno. Hata akipatia, akagusa mahali salama kabisa, amepatia kwa bahati, na wewe unajua ni bahati. Angeweza kugusa pale pa ndugu yako kwa tabasamu lile lile. Mgeni wetu aligusa fedha za mtu aliyewahi kufilisika. Sisi tunajua ni njia gani inapita kati ya ubahili na kufilisika bila kuvigusa vyote viwili. Yeye hakujua kwamba kuna njia.

Kuna jambo jingine nililikumbuka ambalo lilinishangaza. Biashara ile ilipokufa, neno "bahili" lilipotea vinywani mwetu. Hakuna aliyesema tuliache. Lilikoma tu, karibu mwaka mzima, na tulimtania miguu yake kwa bidii isiyo ya kawaida. Siku moja tukagawana gharama za safari, kila mtu akatoa sehemu yake, naye akaweka fedha zake mezani na kusema, "Haya, bahili amelipa. Andikeni tarehe." Tulicheka kwa nafuu kubwa. Kuanzia siku ile neno likarudi.

Ukilitazama vizuri tukio hilo, utaona ruhusa ilikuwa mikononi mwa nani. Watu hudhani urafiki humpa anayetukana haki. Ruhusa hukaa kwa anayetukanwa, ambaye huitoa, huiondoa na huirudisha bila tangazo, na rafiki ni yule anayesikia ruhusa ikiondoka.

## Rafiki naye hukosea

Ndiyo sababu utani wa marafiki huharibika, na ukiharibika huwa vibaya kuliko wa mgeni. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Usaha huo mara nyingi hutokana na taarifa iliyopitwa na wakati. Uliyemwita mzembe miaka yote amefukuzwa kazi wiki iliyopita na hajamwambia mtu. Uliyemwambia hataolewa ameachwa jana. Neno halikubadilika, wala wewe hukubadilika, lakini uongo wa jana umekuwa kweli leo, na umemkuta mtu peke yake nao.

Dalili ya kwanza ni ile ya Labov: badala ya kurudisha, anaeleza. Unamwambia "mzembe wewe" naye anasema, "Hapana, asubuhi nilikuwa na shughuli fulani ndiyo maana." Lakini lazima niwe mwangalifu hapa, maana dalili hii peke yake hudanganya. Paul Drew, mchunguzi wa mazungumzo, alipokusanya na kuchambua mifano halisi ya watu wakitaniwa, katika makala ya mwaka 1987, alionyesha kwamba wengi wanaotaniwa hujibu kwa kusahihisha jambo lenyewe, hata pale wanapoonyesha kwa kicheko kwamba wameelewa ni mzaha. Wanacheka, kisha wanasema, lakini kusema kweli haikuwa hivyo. Kusahihisha ni kawaida ya binadamu. Hakuna anayependa uongo juu yake upite bila alama, hata uongo wa kucheka.

Kwa hiyo mimi huangalia kinachofuata. Mtu asiyeumia husahihisha, kisha hugeuka na kukurushia lako, mara nyingine baada ya dakika kumi, akiwa ameliandaa. Aliyeumia husahihisha kisha hurudia kusahihisha. Au hucheka haraka mno, kabla hujamaliza sentensi, ili sentensi iishe. Au hukaa kimya na kumtania mtu mwingine kwa ukali usiolingana na jioni ile. Nimeyaona yote, na la tatu ndilo watu hulikosa, kwa kuwa linafanana na furaha.

Dalili nyingine ni hesabu ya nani anamrushia nani. Kuna makundi ambamo mmoja huitwa majina na wote, naye hamwiti mtu. Ukiuliza, watasema yeye ni mpole, amezoea. Sikubaliani. Ninachokiona kwenye makundi hayo ni mtu mmoja anayelipa kiingilio kila wiki ili abaki ndani. Tusi la kirafiki lisiporudi upande wa pili, limebaki tusi. Hali hii huwa mbaya zaidi pale anayetania anapokuwa na madaraka. Bosi akimwita msaidizi wake "kichwa maji" na msaidizi akacheka, kicheko kile hakituambii chochote, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Jaribu kuligeuza: je, msaidizi anaweza kulisema hilo hilo kwa bosi, mbele ya watu wale wale, na kesho ikawa siku ya kawaida?

Na kuna hadhira. Marafiki wawili wanaoitana mbwa wakiwa peke yao wataitana kwa majina kamili mbele ya wakwe, na si unafiki. Wakwe hawana ushahidi. Wakisikia neno, watalisikia kama mgeni wetu alivyolisikia, kama taarifa. Rafiki anayeshindwa kubadilisha lugha mwenzake anapoingia na mtu anayetaka kuheshimiwa naye amesahau kwamba tusi lao halikuwahi kukaa kwenye maneno. Lilikaa kwenye historia yao, na historia hiyo haionekani na aliyeketi kiti cha tatu.

## "Nilikuwa natania"

Maneno haya ndiyo hutumika kufunika kila kitu, na ndiyo yenye nguvu ndogo kuliko yote. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Walikuta kwamba anayetania huiona nia yake njema kama sehemu ya utani wenyewe, anayetaniwa haioni kwa kiwango hicho, na kusema tu kwamba ulikuwa unatania hakutoshi kuziba pengo. Anayetania anajiangalia kutoka ndani, ambako nia imejaa kila mahali. Mwenzake yuko nje, na kilichomfikia ni maneno.

Hapo ndipo urafiki unapofanya kazi yake. Rafiki haanzi kukueleza nia yake usiku ule wa kosa. Ameieleza kwa miaka, kwa vitendo, kabla tusi halijasemwa. Mgeni anajaribu kuieleza yote kwa sentensi moja, baada ya tusi kutua. Sentensi hiyo tena humtwisha aliyeumia mzigo wa pili: sasa asipocheka, yeye ndiye asiyejua utani.

Kwa maandishi ya simu hali huwa ngumu zaidi. Sauti haipo, uso haupo, na vikaragosi vya kucheka vinawekwa na kila mtu mwishoni mwa kila kitu, pamoja na wanaotukana kwa kweli. Kilichobaki ni historia peke yake. Ndiyo maana kundi la marafiki wa zamani linaweza kuandikiana matusi kutwa nzima bila ajali, na kundi hilo hilo likipokea watu wawili wapya likachafuka ndani ya siku chache, bila mtu kubadili namna anavyoandika.

## Sasa mgeni aingie vipi?

Swali hili sitaki kulipita, kwa sababu kila rafiki niliye naye aliwahi kuwa mgeni, na kuna siku alisema neno la kwanza.

Nimejaribu kukumbuka maneno hayo ya kwanza yalikuwaje. Karibu yote yalihusu jambo tuliloliona pamoja muda ule ule. Tulipotea njia wote wawili, naye akasema wewe na mimi tusikabidhiwe hata mbuzi. Jambo lilikuwa mbele yetu, tulilijua kwa kiasi kile kile, na msemaji alijiweka ndani yake. Hakuwa amegusa kitu chochote cha zamani yangu, kwa kuwa hakuwa na ufunguo, na alijua hana. Mtu anayeanza na jina la utani alilolisikia kwa wengine anafanya kinyume: anaanzia mahali ambapo wenzake walifika baada ya miaka.

Pia hawakuanza wao. Hili nililichunguza kwa makini zaidi, kwa sababu sikuliamini mara ya kwanza. Kwenye urafiki wangu mwingi, mwenye jambo ndiye aliyelitukana kwanza. Mwenye kipara alitutania kuhusu kipara chake kabla mtu hajathubutu. Anayechelewa alijiita Marehemu mwenyewe. Wengine walilichukua pale alipoliweka, wakalirudia kwa ukubwa ule ule, wakaona limepokelewa, ndipo siku nyingine wakaliongeza kidogo.

Mgeni yule bado huja na mwenzake mara moja moja. Amekuwa mkimya kuliko alivyokuwa siku ile, na anamwita rafiki yetu kwa jina lake kamili, lenye "ndugu" mbele yake. Juzi rafiki yetu alimwona anahangaika kufungua chupa, akamnyang'anya na kumwambia, "Lete hapa, mikono ya ofisini hiyo." Mgeni alicheka, akasita, akatazama huku na huku, kisha akasema tu kwamba ni kweli, hajawahi kufungua kitu kigumu kuliko bahasha. Hakurudisha chochote kwa mwenzake. Ningekuwa na nafasi ya kumnong'oneza ningemwambia kwamba safari ijayo anaweza kurudisha, kitu kidogo, kinachohusu chupa.